Ngisi, Bunju na Milisekunde Mbili za Neva

Swali lenyewe halina hila: "Eleza kinachorudisha umeme wa seli ya neva katika hali ya utulivu baada ya mpigo." Mwanafunzi aliyekesha na daftari lake anaandika bila kusita. Sodiamu iliyoingia ndani inasukumwa nje na pampu, potasiamu iliyotoka inarudishwa, na seli inatulia. Jibu linasomeka vizuri, linaingia akilini, na ni kosa.

Pampu ipo, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kutoa sodiamu na kurudisha potasiamu. Ila haihusiki na kushuka kwa umeme kunakoulizwa. Umeme unashuka katika muda usiofika hata milisekunde mbili, na anayeushusha ni mwingine kabisa. Aliyetusaidia kumjua ni ngisi.

Ngisi akitishwa hubana mwili wake wote kwa mkupuo mmoja, maji yakamtoka kwa kasi na yeye akafyatuka kwenda nyuma. Ili misuli yote ibane pamoja, amri inabidi ifike haraka, na amri hupita haraka zaidi katika uzi mnene wa neva. Uzi huo, ambao ndio aksoni, unafika unene wa nusu milimita au zaidi. Unaonekana kwa macho. Nyuzi nene kabisa za neva za binadamu hazizidi sana sehemu ya hamsini ya milimita. Mwaka 1936 mwanazuolojia Mwingereza J. Z. Young aliwaonyesha wenzake kwamba mrija ule wa ngisi haukuwa mshipa wa damu bali ni neva, na watu wa umeme wa neva wakapata mahali pa kuchomeka vyombo vyao.

Agosti 1939, katika maabara ya bahari ya Plymouth kusini mwa Uingereza, Alan Hodgkin mwenye miaka 25 na Andrew Huxley mwenye miaka 21 walikuwa wameianika aksoni ya ngisi mezani. Walitaka kwanza kujua ute wa ndani yake ni mzito kiasi gani, kwa kudondosha tone la zebaki na kupima linavyozama. Tone likakaa pale pale. Ute ule ulikuwa umeganda kama jeli. Basi wakabadili mpango. Wakapitisha mrija wa kioo, mwembamba kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, katikati ya aksoni kwa urefu wake, bila kugusa kuta. Kwa mara ya kwanza umeme wa ndani ya neva ulipimwa moja kwa moja wakati mpigo unapita.

Kabla ya hapo wengi walimfuata Julius Bernstein, Mjerumani, aliyependekeza mwaka 1902 kwamba neva ikipiga utando wake unavuja ovyo kwa kitambo, na tofauti ya umeme kati ya ndani na nje inapotea. Ingekuwa hivyo, umeme ungepanda kutoka hasi hadi sifuri na kuishia hapo. Plymouth ulipanda ukapita sifuri, ukafika takribani milivolti 40 upande wa chanya. Utando unaovuja ovyo hauwezi kufanya hivyo. Kulikuwa na kitu kinachouvuta umeme kwenda juu kwa makusudi. Wiki chache baadaye vita vikaanza, na swali likalala kwa miaka.

Kitu hicho kinaeleweka kwa urahisi ukifikiria mchezo wa kuvuta kamba. Ndani ya seli kuna potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Nje ni kinyume chake. Kila ioni inataka kutoka ilikojaa kwenda kwenye upungufu, na kwa kuwa imebeba chaji chanya, kila inapohama inahamisha umeme. Potasiamu ikitoka inaiacha ndani ikiwa hasi. Ikiendelea kutoka, hasi ile inaanza kuivuta irudi, mpaka nguvu mbili zinalingana. Umeme wa pale zinapolingana hukokotolewa kwa kanuni ya Nernst, ambayo kwa joto la mwili wa binadamu huandikwa hivi:

E = 61 × log(nje / ndani)

Chukua tarakimu za kawaida za seli za mamalia, ambazo ndizo mitihani hupenda. Potasiamu ni milimoli 4 kwa lita nje na 140 ndani. Jibu ni milivolti −94 hivi. Sodiamu ni 145 nje na 12 ndani. Jibu ni +66. Hizo ndizo ncha mbili za kamba. Potasiamu inavuta kwenda −94, sodiamu inavuta kwenda +66, na anayeshinda ni yule ambaye mifereji yake katika utando imefunguka kwa wingi zaidi. Neva inapotulia, mifereji iliyo wazi karibu yote ni ya potasiamu, na sodiamu inapenyeza kidogo tu. Ndiyo maana utulivu uko kwenye −70, karibu na ncha ya potasiamu bila kuifikia.

Sasa neva iguswe. Kichocheo kinapandisha umeme kidogo, tuseme hadi −65. Baadhi ya mifereji ya sodiamu inafunguka, sodiamu inaingia, lakini potasiamu inayotoka inaizidi na umeme unarudi chini. Hakuna mpigo. Kichocheo kikiufikisha umeme karibu na −55, mambo yanageuka. Sodiamu inayoingia sasa inaizidi potasiamu inayotoka. Inapandisha umeme, umeme ukipanda, mifereji zaidi ya sodiamu inafunguka, ikifunguka, sodiamu zaidi inaingia. Ni kama moto wa nyasi kavu, ukishashika haumngoji tena aliyeuwasha. Hicho ndicho kizingiti, na kupanda huko kwa umeme ndiko kunakoitwa depolarizesheni. Mpigo mzima, kupanda na kushuka, ndio akshoni potenshali ya vitabuni. Kichocheo kiwe kimevuka kizingiti kwa nywele au kwa mbali, ukubwa wa mpigo ni ule ule.

Kwamba mvutaji ni sodiamu kulithibitishwa Plymouth baada ya vita, na Hodgkin akiwa na Bernard Katz, kwa jaribio ambalo mtu yeyote angelielewa. Waliyapunguza maji ya bahari yaliyoizunguka aksoni sodiamu yake, na mahali pake wakaweka kitu kisicho na chaji. Mpigo ukafupika na kupanda polepole. Wakarudisha maji ya bahari, mpigo ukarudi kimo chake. Umeme wa utulivu haukubadilika sana muda wote huo.

Lakini mpigo haufiki +66. Unaishia kwenye +30 au +40, kisha unageuka. Hapa ndipo penye jibu la swali la mtihani, na ndipo Hodgkin na Huxley walipotumia akili nyingi zaidi.

Shida yao ilikuwa kwamba katika mpigo wa kawaida kila kitu kinabadilika kwa pamoja: umeme unafungua mifereji, mifereji inabadili umeme. Wakatumia kifaa cha kuushika umeme wa utando mahali pamoja, kwa kuingiza mkondo unaofidia kila unaopita kwenye utando. Waliuruka umeme ghafla kutoka utulivu hadi, tuseme, sifuri, wakaushikilia pale na kutazama. Kwanza uliingia mkondo wa sodiamu, haraka. Halafu, ingawa umeme ulikuwa bado umeshikiliwa pale pale na kichocheo hakijaondoka, mkondo ule ukafifia wenyewe. Wakati huo mwingine, wa potasiamu kwenda nje, ulikuwa ukipanda taratibu, na huo haukufifia.

Maana yake ni kwamba mfereji wa sodiamu una malango mawili, si moja. Umeme ukipanda, lango la kwanza linafunguka upesi. Kupanda huko huko kunaliamrisha lango la pili lifunge, ila hilo ni zito na huchelewa. Sodiamu hupita katika nafasi ndogo ya muda kati ya kufunguka kwa la kwanza na kufunga kwa la pili. Mfereji wa potasiamu nao una lango moja, lenye uvivu wake, linalofunguka pale sodiamu inapoanza kuzibwa.

Mwaka 1952 wawili hao walichapa mfululizo wa makala wakiwa na milinganyo ya malango hayo. Kompyuta ya Cambridge ilikuwa imezimwa ikifanyiwa matengenezo makubwa, hivyo Huxley akaukokotoa mpigo kwa mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono, hatua moja baada ya nyingine, kwa muda wa wiki kadhaa. Mchoro uliotoka ulifanana na wa ngisi. Nishani ya Nobel ilikuja mwaka 1963, wakaipokea pamoja na John Eccles.

Lango la pili wakati ule lilikuwa herufi tu katika mlinganyo. Baadaye Clay Armstrong na wenzake waliingiza ndani ya aksoni ya ngisi kimeng'enya kinachokata protini. Mifereji ya sodiamu iliendelea kufunguka kama kawaida, lakini ikashindwa kujifunga tena. Kilichokatwa kilikuwa kizibo, kipande kifupi cha protini ya mfereji kinachoning'inia upande wa ndani wa utando na kuingia kwenye tundu kama gunzi kwenye mdomo wa kibuyu.

Basi repolarizesheni, yaani kushuka kwa umeme, ina sababu mbili, na jibu lenye moja tu ni nusu ya jibu. Kizibo kinaikata sodiamu, na mifereji ya potasiamu iliyofunguka kwa kuchelewa inampa potasiamu ushindi katika kamba. Umeme unaporomoka. Hata ukishafika −70 hausimami, kwa sababu malango ya potasiamu ni mavivu kufunga vilevile yalivyokuwa mavivu kufungua. Unateleza hadi −80 hivi, kisha unajirudi polepole.

Kizibo hicho hicho ndicho kinachozaa kipindi cha kutoitika, kile ambacho wanafunzi hukikariri kama sura nyingine isiyohusiana na iliyotangulia. Jaribio lake ni vichocheo viwili. Cha kwanza kinaleta mpigo wa kawaida. Cha pili kikija nusu milisekunde baadaye, neva haijibu. Kiongezwe nguvu mara mbili, mara kumi, haijibu. Mifereji ya sodiamu ama tayari iko wazi ama imezibwa, na mfereji uliozibwa haufunguliwi kwa kuongeza umeme, maana umeme wa juu ndio ulioleta kizibo. Dawa yake ni moja: umeme ushuke kwanza na ukae chini kidogo, kizibo kichomoke. Hiki ni kipindi cha kutoitika kabisa, na katika neva nene huchukua kama milisekunde moja.

Kichocheo cha pili kikicheleweshwa hadi milisekunde tatu, jibu linapatikana, ila kwa bei ya juu. Kinatakiwa kiwe na nguvu kuliko cha kwanza, na mpigo wenyewe waweza kuwa mfupi. Baadhi ya vizibo vimechomoka, vingine bado. Na malango ya potasiamu ambayo hayajafunga yanaendelea kuuvuta umeme chini, mbali na kizingiti. Hicho ni kipindi cha kutoitika kwa sehemu. Baada ya milisekunde kumi hivi, mpigo wa pili haupambanuki na wa kwanza.

Kutokana na hayo neva haiwezi kupiga zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde, na kwa kawaida hupiga mara chache zaidi ya hizo. Pia mpigo haurudi nyuma ulikotoka, kwa kuwa utando uliopitwa sasa hivi umezibwa. Hapa mtahini mkali ana mtego wake: neva yenyewe haina upande. Ukiichochea katikati, mpigo unakwenda pande zote mbili, na hospitali hutumia jambo hilo wanapopima kasi ya neva za mkono. Mpigo wa kawaida huenda upande mmoja kwa sababu umeanzia mwishoni mwa uzi, na nyuma yake kuna utando uliochoka.

Mtego mwingine ni mgonjwa wa figo. Figo zikishindwa kazi potasiamu hujaa kwenye damu. Tuseme imepanda kutoka 4 hadi 8. Kanuni ya Nernst inatoa −76 badala ya −94. Ncha ya potasiamu imepanda, na umeme wa utulivu unapanda nayo kukikaribia kizingiti. Mwanafunzi anatazama tarakimu hizo na kuandika kwamba neva na misuli vitakuwa vyepesi kushtuka. Kwa kitambo inaweza kuwa hivyo. Lakini mgonjwa kitandani analegea, miguu haimbebi, na moyo wake unaanza kwenda mrama. Umeme uliopanda polepole na kukaa juu umewapa vizibo muda wote waliouhitaji. Mifereji ya sodiamu imezibwa kabla ya kutumika, na iliyobaki haitoshi kuwasha ule moto wa nyasi.

Anayetaka kuona mpigo usio na sodiamu amtazame bunju, yule samaki wa pwani anayejivimbisha kama mpira anaposumbuliwa. Wavuvi wanamjua kuwa ni sumu. Ini na mayai ndivyo vibaya zaidi, na kupika hakusaidii, kwani sumu yake, tetrodotoksini, inavumilia moto. Aliyemla huanza kuhisi midomo na ulimi vikifa ganzi, mara nyingi kabla saa moja haijaisha. Ganzi inasambaa hadi vidoleni, mikono na miguu inalegea, na ikizidi misuli ya kupumua inasimama huku mtu akiwa bado ana fahamu.

Mwaka 1964 Toshio Narahashi na wenzake walionyesha, kwa aksoni ya kamba wa baharini, kwamba sumu hiyo inazuia mkondo wa sodiamu peke yake na kuuacha wa potasiamu. Inakaa kwenye mdomo wa nje wa mfereji. Umeme wa utulivu unabaki pale pale. Ukiipima neva hiyo ikiwa imetulia utasema ni nzima. Inachokosa ni kupanda. Mfereji wa sodiamu wa moyo umetofautiana kidogo na wa neva na sumu haiushiki vizuri, ndiyo maana mgonjwa akiwahiwa na kusaidiwa kupumua kwa mashine anaweza kupona bila dawa ya kuivunja sumu, ambayo haipo. Bunju mwenyewe halewi sumu yake kwa sababu mdomo wa mifereji yake umebadilika umbo.

Inabaki pampu. Nayo ina sumu yake, na hiyo pia ni ya huku kwetu. Wawindaji wa Afrika Mashariki, Wagiriama miongoni mwao, walipaka mishale utomvu mweusi uliochemshwa kutoka mti wa msunguti. Ndani yake kuna kemikali iitwayo wabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali la sumu hiyo ya mishale. Wabaini inaishika pampu ya sodiamu na potasiamu kutoka nje ya seli na kuisimamisha. Mnyama hufa kwa moyo kuvurugika, maana moyo hauvumilii sodiamu kujaa ndani ya seli zake.

Lakini aksoni ya ngisi ikiwekewa wabaini haizimi. Inapiga, inashuka, inapiga tena, maelfu ya mara, na kila mpigo unashuka kwa kasi ya kawaida ingawa hakuna pampu inayofanya kazi. Hesabu inaeleza kwa nini. Mpigo mmoja unapitisha kiasi cha pikomoli tatu au nne za sodiamu kwa kila sentimita ya mraba ya utando. Nyuma ya sentimita hiyo ya mraba, katika aksoni yenye unene wa nusu milimita, kuna potasiamu ipatayo mikromoli tano. Kinachotoka ni kama chembe moja katika milioni. Ni kuchota kisoda kimoja kwenye bwawa.

Pampu hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili kwa kila mzunguko, taratibu, usiku na mchana, na bila yake bwawa lingekuja kukauka. Katika uzi mwembamba sana, ambao utando wake ni mkubwa ukilinganisha na kilichomo ndani, lingekauka mapema zaidi kuliko kwa ngisi. Ila mtahini hakuuliza bwawa linajazwa na nani. Aliuliza nani aliushusha umeme kutoka +30 hadi −70, na hao ni kizibo cha sodiamu na mifereji ya potasiamu iliyofunguka kwa kuchelewa.